Shangazi, vyuma vitanipa mwili wa kiume?

*Shikamoo shangazi,*

*Nina miaka 32, nina duka la vyombo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Miezi mitatu iliyopita nilianza jimu kwa sababu mgongo ulikuwa unanisumbua kwa kubeba maboksi. Mgongo umetulia, na dedilifti, lile zoezi la kunyanyua chuma kutoka sakafuni, nimetoka kilo 20 hadi 60. Naipenda sana kazi hii, sikufichi.*

*Shida ni mapaja. Nilianza na kilo 66, sasa nina 67.5. Kiuno kimepungua kutoka sentimita 84 hadi 80, lakini paja, nilipopima Jumamosi, limetoka 58 hadi 59.5 na jinzi yangu haipandi. Tunafanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kila siku ni skwati za kuchuchumaa na chuma seti 4, lanji za kupiga hatua na kushusha goti seti 4, mashine ya kunyoosha miguu seti 3, kisha mikono kidogo, na dedilifti Ijumaa.*

*Mama mkwe alitutembelea kutoka Tukuyu. Aliniona nje naosha vyombo, akasema, "Mwanangu, unageuka mwanaume." Mume wangu anasema nifanye ninachoona sawa, ila tangu siku ile yupo kimya. Shosti wangu wa jimu anasema niache vyuma vizito, nishike dambeli za kilo 3 nipige marudio 30, nikaze mwili bila kujaza. Mdogo wangu anaolewa Desemba na gauni langu lipo kwa fundi. Niache? Nibadilishe? Au mwakani nitakuwa baunsa kweli?*

*Mama Duka, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kwamba umeandika na namba zako, maana wengi huniandikia "nimejaa" bila kipimo chochote, nami hubaki napapasa gizani. Basi tuanze na hizo namba, na tuanze na ile Jumamosi.

Ijumaa mapaja yako yalikuwa yamepiga seti 11, na dedilifti juu yake. Msuli ukitoka kwenye kazi ya namna hiyo huvuta maji na kuvimba, na uvimbe huo hauishi siku moja. Hukaa siku mbili, tatu, wakati mwingine nne, hasa ukiwa bado mgeni wa mazoezi. Kwa hiyo futi kamba yako ilipima paja na uvimbe wake pamoja. Ongeza hapo maji ya mwezi: siku chache kabla ya hedhi wanawake wengi huongezeka kilo moja, hata mbili, kisha zinaondoka zenyewe. Nakuomba upime tena asubuhi, kabla ya chai, baada ya siku mbili kamili bila kugusa miguu. Chukua kalamu, weka alama katikati ya kinena na juu ya goti, simama uzito ukiwa sawa kwenye miguu yote miwili, zungusha futi bila kuibana nyama. Pima mara tatu na uchukue namba ya katikati. Baada ya wiki nne, rudia kwenye alama ileile na katika siku zilezile za mzunguko wako. Mimi mwenyewe nilipoanza kuwafundisha akina mama hapa Iringa nilikuwa napima bila alama. Mama mmoja aliongezeka sentimita 2 kwa wiki moja, akalia mbele yangu. Tulipoangalia vizuri, nilikuwa nimepandisha futi vidole viwili juu.

Sasa ile kilo 1 na nusu ya mizani. Mwanamke anayeanza, anayefanya mazoezi ya vyuma vizuri na kula vya kutosha, huongeza misuli kama robo kilo hadi nusu kilo kwa mwezi katika miezi ya mwanzo. Kwa miezi yako mitatu, tukisema umejenga kilo 1 nitakuwa karibu na ukweli. Tena msuli unaofanya kazi hujiwekea akiba ya wanga ndani yake, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takribani gramu tatu za maji. Hapo napo inaweza kuongezeka nusu kilo au zaidi bila wewe kunenepa hata kidogo. Na kiuno chako kimepungua sentimita 4. Kiuno hakipungui hivyo kwa sababu ya msuli wa paja. Kuna mafuta yametoka. Kwa hiyo ndani ya hiyo kilo 1 na nusu kuna vitu vilivyoingia na vingine vilivyotoka, na mizani inakupa jumla tu.

Niende mbele kidogo, kwa sababu najua swali lako hasa ni paja. Chukua hiyo kilo 1 ya msuli na uigawe mwilini: mgongo, makalio, mabega, mikono, mapaja mawili. Kwa kuwa wewe unafanya miguu sana, tuseme kila paja limepata gramu 200. Paja lenye mzunguko wa sentimita 58, msuli ukisambaa kwenye urefu wa sentimita 40, gramu 200 huongeza mzunguko kwa takribani nusu sentimita. Nimepiga hesabu hiyo kama mtu anayepima maji kwenye bomba. Paja si bomba, katikati hutuna zaidi, kwa hiyo iweke kati ya nusu sentimita na moja. Kilichobaki katika ile sentimita 1 na nusu, mimi naona ni uvimbe wa Jumamosi. Ndiyo maana nataka upime upya kabla hujaamua lolote.

Na jinzi? Jinzi imeshonwa kwa mwili uliokuwa nao, wenye kiuno kipana kwa paja lilelile. Kitambaa kigumu kikibana sehemu moja kwa sentimita moja, unaisikia kama tano. Angalia kiunoni: je, hailegei? Nadhani unaweza kuingiza vidole.

Umeniuliza kuhusu mwaka ujao. Kwa mwaka wa kwanza mzima, wanawake wengi huishia na kilo 2 hadi 4 za misuli mipya, na wa kufikia 4 ni yule anayelala vizuri, anayekula vizuri na asiyekosa siku. Mwaka wa pili ni kama nusu ya hapo, wa tatu nusu ya nusu. Mwili unafungua mkono mwanzoni, halafu unakuwa bahili. Ule mwili unaouogopa, wa mabega yaliyochongoka na mishipa iliyosimama, hauji kwa kushtukiza. Wanaoupata wameufanyia kazi miaka mingi, wanapima hadi kijiko cha chakula, wamekausha mafuta kwa ajili ya jukwaa, na baadhi yao wamechoma homoni za kiume. Hizo homoni ndizo zinazobadilisha sauti na kuotesha ndevu. Chuma peke yake hakifanyi hivyo.

Lakini sitakudanganya kwa upande wa pili pia. Utasikia watu wakisema mwanamke hawezi kujaza kwa sababu hana testosteroni. Ni kweli mwanaume anayo mara kumi hadi ishirini zaidi yetu. Ila ukipima kwa asilimia, msuli wa mwanamke anayeanza hukua kwa kasi inayokaribiana na ya mwanaume. Tofauti ni kwamba yeye alianza na mwili wenye misuli mingi, kwa hiyo asilimia ileile kwake ni nyama nyingi. Na wanawake hatufanani. Wapo ambao miguu yao huitikia haraka, wapo wanaohangaika mwaka mzima bila kuona kitu. Inawezekana wewe ni wa kundi la kwanza. Kwa hiyo sitakuambia kwamba jicho lako linakudanganya. Nakuambia tu kwamba kasi yake inahesabika, na kitu kinachohesabika unaweza kukipunguza mwendo muda wowote ukitaka.

Sasa shosti wako. Anakupenda, naamini, na ushauri wake umezunguka kila jimu kuanzia Tunduma hadi Iringa. Lakini hebu tumfuate hadi mwisho. Kinachouambia msuli ukue ni kukaribia kushindwa. Ukiwa na chuma kizito unafika hapo kwenye rudio la 5 au la 8. Ukiwa na dambeli nyepesi unafika kwenye la 25 au la 30, paja likiwaka moto. Wote wawili mmefika mlango uleule, na tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili zimekuta ukuaji wa msuli unakaribiana sana, ili mradi seti inakwenda hadi karibu na kushindwa. Tofauti kubwa ipo kwenye nguvu: mwenye chuma kizito huipata zaidi. Kwa hiyo ukizipiga zile dambeli kweli hadi miguu igome, utajenga msuli uleule unaoukimbia, na maboksi yako yatabaki mazito. Ukizipiga kwa ulegevu, ukaacha kwenye la 30 ukiwa bado unaweza kufika 60, hutajaza, ni kweli, lakini hata nguvu hutapata. Na hilo neno "kukaza mwili", mwili haujui namna ya kulitekeleza. Msuli hukua au hupungua, mafuta huongezeka au hupungua. Kinachoitwa kukaza ni msuli kiasi chini ya mafuta yaliyopungua.

Ndiyo maana bibi zetu wanaopanda mlima na ndoo kichwani miaka 40 hawakuwa mabaunsa. Ndoo ni lita 20 leo, na kesho ni lita 20. Mwili uliizoea zamani, haukuona sababu ya kuongeza kitu.

Kama si uzito, basi ukubwa wa msuli unatokana na nini hasa? Kwa sehemu kubwa ni wingi wa seti ngumu kwa wiki. Hapa mwanangu nataka uchukue kalamu. Skwati 4, lanji 4, mashine 3, ni seti 11. Mara siku tatu ni seti 33 za mapaja kwa wiki, kabla hatujagusa dedilifti. Mtu anayetaka mapaja yakue kwa makusudi, kocha wake humpa 10 hadi 20. Wewe unakula programu ya mtu anayetafuta mapaja, huku unaogopa mapaja. Mikono, mgongo wa juu na mabega vinapata makombo mwishoni mwa saa, ukiwa umechoka. Hata ungekuwa unatumia dambeli za kilo 3, seti 33 ni nyingi.

Kwa hiyo njia ninazoziona ni tatu, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kuendelea hivi hivi. Utapata nguvu, na mapaja yataendelea kukua kwa mwendo tuliouhesabu, huenda haraka kidogo kuliko sehemu nyingine. Hatari yake siyo ubaunsa. Ni magoti na nyonga kuchoka na kazi nyingi isiyo na mapumziko, na wewe kuchukia zoezi unalolipenda.

Unaweza kuacha. Wiki mbili tatu za kwanza hutaona tofauti kubwa ya nguvu. Baada ya hapo msuli unarudi nyuma polepole. Hautageuka mafuta, hizo ni nyama mbili tofauti, ila ukiendelea kula kama mtu wa mazoezi, mafuta yatakuja kwa njia yake. Na maboksi hayataacha kuletwa dukani. Mgongo uliotulia kwa sababu ya dedilifti unaweza kuanza kulalamika tena.

Au unaweza kubaki na uzito, ukapunguza wingi. Hii nitaieleza kwa urefu kwa sababu nadhani hujawahi kuelezwa kwamba ipo. Siku mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa. Jumanne: skwati seti 3 za marudio 5, kisha kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi seti 3 za 6, kisha kuinama na kuvuta chuma tumboni seti 3 za 8. Ijumaa: dedilifti seti 2 za 5, kusukuma chuma juu ya kichwa seti 3 za 6, kuvuta mashine kutoka juu hadi kifuani seti 3 za 8. Pumzika dakika 3 kati ya seti za miguu. Dakika 3 kweli, si za kuchati. Lanji na mashine ya miguu zipumzike kabisa kwa sasa. Hapo kutoka seti 33 za mapaja unabaki na 3 za skwati na 2 za dedilifti. Kutunza msuli uliokwisha kuujenga kunahitaji kazi ndogo sana kuliko kuujenga, hata sehemu moja ya tisa ya ile ya mwanzo inaweza kutosha kwa mtu wa umri wako, ilimradi uzito haushuki. Na nguvu itaendelea kupanda, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu ya mwanzo hutoka kwenye neva zinazojifunza kuamsha msuli wote kwa pamoja. Fikiria mwenyewe: dedilifti yako imezidi mara tatu kwa miezi mitatu. Je, paja lako limezidi mara tatu?

Uzito uchague hivi: ukimaliza rudio la 5, uhisi kwamba ungeweza mengine mawili na si zaidi. Seti zote zikienda safi, wiki ijayo ongeza kilo 2.5 kwa jumla. Zisipoenda, rudia uzito uleule. Baada ya mwezi, skwati ikionekana kurudi nyuma, ongeza seti 2 za skwati Ijumaa kabla ya dedilifti.

Gharama ya njia hii ni umakini. Marudio machache yenye chuma kizito hayasamehi mkao mbovu. Kwenye dedilifti, makalio yakitangulia kupanda huku chuma kikiwa bado chini, au mgongo ukianza kujikunja kama upinde, seti imeisha hata kama ni rudio la 3. Kwenye skwati, magoti yakiingia ndani wakati wa kupanda, uzito umezidi. Mwombe mtu akupige video ya dedilifti kutoka ubavuni na ya skwati kutoka mbele, utaona mwenyewe. Na asubuhi za baridi ya Mbeya mwezi wa 6 na wa 7, usiende moja kwa moja kwenye kilo 60. Anza na chuma kitupu, kisha 30, kisha 45, marudio machache machache, ndipo uanze kuhesabu seti.

Jambo dogo la chakula, nisilipite. Mazoezi ya miguu mengi huleta njaa, na baridi nayo huleta njaa yake. Msuli mpya ukikaa chini ya mafuta yaleyale, au yaliyoongezeka, ndipo mwanamke anapojiona amejaa. Usipunguze maharage, mayai, maziwa wala dagaa, hivyo vinatunza msuli. Tazama ile sahani ya pili ya wali na maandazi ya saa 4 dukani. Mara nyingi hapo ndipo tofauti ilipo.

Nimemwacha mama mkwe mwisho kwa heshima, si kwa kumdharau. Hebu nikuulize: aliona nini hasa? Alikuona umeinama unaosha vyombo, pengine umejifunga kanga, mikono na mabega wazi. Hakuona paja. Huenda aliona bega lenye umbo, au namna unavyonyanyua beseni zito kwa mkono mmoja bila kuguna. Kwa mama wa rika lake, aliyepandisha mikungu ya ndizi milima ya Rungwe maisha yake yote, mwili wa binti aliyeolewa vizuri ni ule uliopumzika, ulionawiri. Inawezekana neno lake lilikuwa na maana ya "mwanangu anakutesa na kazi?" Sijui kilichokuwa moyoni mwake, na wewe pia hujui bado. Je, aliwahi kuambiwa kwamba ulianza kwa ajili ya mgongo? Ungeweza kumweleza mnapokaa jikoni, bila kujitetea: "Mama, nilikuwa siwezi kuinama, sasa naweza." Halafu umsikilize.

Na ukimya wa mume wako nao usiutafsiri peke yako. Wewe umeusoma kama hukumu. Anaweza kuwa ameona aibu kwa sababu mama yake alikusema mbele yake, naye hakujua amtetee nani. Muulize wakati mmetulia, na uliza swali ambalo uko tayari kusikia jibu lake. Akisema kweli hapendi, hilo nalo ni jambo la kuzungumza, na wewe una haki ya kusema unavyojiona mwenyewe kwenye kioo. Maana katika barua yako nzima umeniambia mama mkwe anaonaje, shosti anaonaje, jinzi inasemaje. Wewe unauonaje mwili wako siku ambayo hakuna aliyeusema? Hilo sikuliona, na ndilo ningetaka kulisoma kabla ya kukusukuma upande wowote.

Gauni lisikunyime usingizi. Pita kwa fundi wiki hii, umwombe aache akiba ya kitambaa ya sentimita 2 ndani ya kila mshono wa pembeni, kiunoni na kwenye mapaja, asikate. Kipimo cha mwisho akichukue wiki mbili kabla ya sherehe, na siku hiyo usiwe umetoka kufanya skwati. Mimi nisubirie namba za wiki nne, zile za asubuhi zenye alama ya kalamu, na uniandikie pia alichojibu mama.